Kuondoa Madoa ya Oili kwenye Ua wa Simiti: Poda Kwanza, Sabuni Baadaye, Maji Mwisho

Katika boma moja hapa Shianda, karibu na barabara ya Kakamega kwenda Mumias, kuna ua wa simiti ambao familia huutumia kwa kazi mbili. Jioni kijana wa nyumba hiyo huegesha pikipiki yake ya boda boda hapo, na kila baada ya wiki chache humwaga oili ya zamani na kutia mpya. Msimu wa mavuno, mama yake huanika mahindi juu ya ua huo huo. Mwaka huu alipokusanya mahindi aligundua kwamba punje zilizokuwa upande wa pikipiki zilikuwa na weusi na harufu ya gereji. Ilibidi atupe karibu debe moja. Isitoshe, ua umeinama kuelekea kisima, na mvua ikinyesha mtu huona utando wenye rangi za upinde wa mvua ukitambaa juu ya maji upande huo.

Mama aliuliza swali ambalo wakaazi wengi hutuuliza: doa hili litatoka vipi? Alikuwa ameshajaribu. Alimwaga maji na sabuni ya unga, akasugua kwa fagio, akamwaga maji tena. Doa lililokuwa na ukubwa wa sinia likawa na ukubwa wa mkeka, na sabuni yote ikaenda upande wa kisima. Somo hili linafuata kazi iliyofanyika katika ua huo, hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake.

Kwa nini maji ndiyo kosa la kwanza

Ua wa simiti unaonekana mgumu kama jiwe, lakini ndani yake mna vijitundu vidogo mno vilivyoachwa na maji yaliyokauka wakati zege lilipokuwa likishika. Oili ikidondoka huingia katika vijitundu hivyo polepole, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Saa ya kwanza sehemu kubwa bado iko juu. Baada ya wiki nyingi imeshazama milimita kadhaa, na weusi wa masizi ya injini umeganda humo.

Oili haichanganyiki na maji na huelea juu yake. Ukimwaga maji juu ya oili mbichi, unaipandisha juu ya maji na kuipeleka mahali ambapo haikuwa. Na kama simiti imelowa, poda utakayoiweka baadaye itanywa maji badala ya oili. Ndiyo maana kazi hii huanza pakavu, na maji huja mwisho, tena kidogo.

Kwetu hili lina uzito wake, kwa sababu Kakamega hunyeshewa miezi mingi na mara nyingi mvua huja alasiri. Chagua siku ambayo ua umekauka kabisa, anza asubuhi, na uwe na turubai au karatasi ya nailoni karibu ya kufunikia mawingu yakikusanyika. Katika boma tunalolizungumzia, kazi iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya mvua ya usiku. Kusubiri huko kulikuwa na faida, maana simiti yenye unyevu ingeharibu hatua ya kwanza yote.

Poda gani?

Poda nzuri ni ile kavu na laini yenye nafasi nyingi ndani yake. Kenya tuna moja bora sana: diatomaiti, poda nyeupe nyepesi inayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vya kale, na kila chembe yake ina matundu mengi yanayonyonya mafuta. Ukiipata dukani, itumie, lakini funika pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa, kwa kuwa vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Usipoipata, usikwame. Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa juani, ukatwangwa na kuchekechwa, hufanya kazi hiyo vizuri. Unga wa mbao kutoka kwa seremala pia unafaa, ilimradi uwe ule laini unaoanguka chini ya msumeno, si maranda marefu ya randa. Na kwa kuwa tuko katika eneo la miwa, makapi ya miwa yaliyokauka na kusagika yanaweza kutumika vivyo hivyo. Hata jivu baridi la kuni hunyonya, ingawa likilowa huwasha ngozi na huacha alama zake yenyewe. Mchanga wa mto ni dhaifu kuliko hivi vyote: chembe zake ni ngumu, hivyo oili hushika nje tu na haiingii ndani.

Katika boma hilo walitumia udongo wa mfinyanzi, kwa sababu ulipatikana bila gharama. Doa kubwa lilikuwa na upana wa sentimita 60 hivi. Kulifunika kwa unene wa sentimita moja kulihitaji gorogoro moja na zaidi kidogo ya unga wa udongo.

Mwaga poda kuanzia ukingoni mwa doa ukielekea katikati, ili oili mbichi isikimbie nje. Kisha vaa viatu vya mpira uikanyage taratibu, au uisugue kwa kipande cha tofali. Ukiimwaga tu na kuondoka, itanyonya kilicho juu peke yake. Ukiisugua, chembe hushuka kwenye mikwaruzo ya simiti. Iache saa chache, na kama kuna nafasi, iache ilale usiku kucha ikiwa imefunikwa.

Asubuhi ifagie na uiangalie. Udongo uliokuwa wa kijivu hafifu utakuwa umekuwa mweusi na mzito. Weka mwingine. Ishara ya kuacha ni rahisi: poda ikilala na kuamka na rangi yake ileile, oili iliyo karibu na uso imekwisha. Katika boma hili ilichukua mara tatu. Mara ya kwanza udongo ulitoka kama lami, mara ya pili ukatoka na mabaka, na mara ya tatu ulikuwa safi isipokuwa sehemu moja yenye ufa.

Kama oili imemwagika dakika hii, hatua hii peke yake inaweza kuokoa karibu kila kitu. Pikipiki nyingi za boda boda hubeba oili ya takriban lita moja, kwa hiyo beseni likipinduka lote, ni lita moja inayotafuta njia. Ndoo ya poda kavu iliyofunikwa na kuwekwa pembeni mwa ua ina thamani kuliko sabuni yoyote utakayonunua kesho.

Sabuni ya kukata oili, na jambo ambalo magadi hayawezi

Kinachobaki baada ya poda ni oili iliyomo ndani ya vijitundu. Hapo ndipo inahitajika sabuni kali ambayo mafundi huiita digrisa. Huuzwa madukani kwa chupa na mitungi, nyingine za kuchanganywa na maji, nyingine zenye kiyeyushi kinachonuka kama mafuta ya taa. Kwa ua wa nyumbani, ulio karibu na watoto, kuku na kisima, chagua ile ya kuchanganywa na maji. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Kuizidisha hakuharakishi kazi, bali kunaongeza povu utakalohangaika kuliondoa.

Hapa inafaa kueleza jambo moja ambalo huwapotosha wengi. Akina mama wa Uluhyani wanajua nguvu ya musherekha, yale maji ya jivu yaliyochujwa yanayolainisha mrenda na kunde. Wanajua pia kwamba magadi na maji ya jivu hukata mafuta ya kupikia kwenye sufuria. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba mafuta ya mimea na ya wanyama yakikutana na kitu chenye ukali wa namna hiyo hugeuka kuwa sabuni. Oili ya injini si mafuta ya namna hiyo. Nyingi hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, na haigeuki kuwa sabuni hata ukiipikia magadi siku nzima. Kwa sababu hiyohiyo, usinunue kostiki soda kwa kazi hii. Itakuunguza ngozi na macho, nayo oili itabaki pale pale.

Kinachoiondoa oili ya injini ni chembe za sabuni zenyewe. Upande mmoja wa chembe hushika oili na mwingine hushika maji, kwa hiyo oili hukatika kuwa matone madogo yanayoweza kubebwa. Magadi husaidia kwa kulainisha maji na kuifanya sabuni ifanye kazi vizuri, basi yana nafasi yake kama msaidizi. Mchanganyiko wa nyumbani unaofaa kwa doa la wastani ni lita moja ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, vijiko vinne vya mezani vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na vijiko viwili vya magadi meupe yaliyosafishwa. Ni dhaifu kuliko digrisa ya dukani, lakini ni bora mara nyingi kuliko sabuni ya unga iliyorushwa juu ya doa.

Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, hasa kama simiti ilipakwa rangi. Kama ua ni mpya na haujatimiza wiki nne, endelea na poda tu uiache simiti ikomae.

Vaa glavu. Oili iliyotumika ina masizi na mabaki ya injini ambayo hayafai kugusa ngozi mara kwa mara, na digrisa yenyewe hukausha mikono. Mimina mchanganyiko kiasi cha kulowesha doa na ukingo wake kidogo, usubiri dakika 15 hadi 20. Usiruhusu ukauke. Ukikauka juani, oili iliyoanza kutoka hurudi chini na sabuni huacha ganda jeupe. Kwa hiyo fanya asubuhi mapema au kivulini, na ukiona pembezoni panaanza kukauka, ongeza kidogo. Kisha sugua kwa brashi ngumu ya nailoni. Brashi ya waya hukwaruza uso wa simiti, na vipande vyake vikibaki huota kutu na kukuachia doa jipya la rangi ya kahawia.

Sasa unaona povu jeusi. Wengi hapa huchukua ndoo ya maji na kulisukuma nje ya ua. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote kwa kisima chako, maana oili iliyokuwa imeganda katika simiti sasa imekatwakatwa vizuri na iko tayari kusafiri na maji. Badala yake mwaga poda kavu tena juu ya povu, iache inywe, uikusanye kwa koleo. Baada ya hapo pangusa kwa matambara na maji kidogo, na maji hayo pia uyanywishe poda. Katika boma hili walizungusha kwanza ukingo wa udongo kuzunguka doa, mfano wa tuta dogo, na hakuna hata tone lililofika kwenye mteremko wa kisima. Kazi yote ya kuosha ilitumia ndoo moja tu ya maji.

Doa la zamani: kandika la poda na digrisa

Chini ya mahali pa pikipiki palikuwa na doa la miaka, jeusi na la kung'aa. Poda na kusugua vilipunguza mng'ao tu. Kwa doa kama hilo kuna njia ya subira: kuchanganya poda na digrisa na kulibandika doa kama mtu anavyobandika dawa kwenye jipu.

Changanya unga wa udongo au diatomaiti na digrisa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, mpaka upate rojo zito linalokaa juu ya mwiko bila kutiririka. Hapa usitumie unga wa simiti. Ukiwa mkavu unaweza kunyonya oili mbichi, lakini ukilowa utaganda juu ya ua na utahitaji patasi kuutoa. Paka rojo kwa unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, ukipita ukingo wa doa kwa upana wa vidole viwili. Funika kwa karatasi ya nailoni na uweke mawe pembeni. Iache siku nzima.

Kwa muda huo digrisa inaingia simitini na kuilegeza oili. Siku ya pili ondoa nailoni. Rojo linaanza kukauka kutoka juu, na linapokauka huvuta majimaji kutoka chini, ambayo hupanda pamoja na oili na kubaki ndani ya udongo. Huko kukauka ndiko kunakofanya kazi, hivyo usiwe na haraka ya kubandua. Likishapasuka na kugeuka unga, likwangue kwa ubao au plastiki ngumu. Upande wa chini utakuwa umebadilika rangi.

Mara moja haitoshi kwa doa la miaka. Katika boma hili walibandika mara tatu kwa muda wa siku tisa, mara ya pili ikivurugwa na mvua iliyopeperusha nailoni. Mwishoni palibaki kivuli cha kijivu kinachoonekana zaidi asubuhi kwenye umande. Kivuli hicho ni masizi yaliyoshikwa ndani, na kwa maoni yangu si kitu cha kukupotezea siku tano zaidi.

Utajuaje kama oili imetoka, ikiwa rangi bado ipo? Subiri simiti ikauke kabisa, kisha dondosha matone machache ya maji, moja juu ya doa na jingine mahali safi. Mahali safi tone hutawanyika na kuzama. Kama juu ya doa tone linakaa mviringo kama kwenye jani la nduma, bado kuna oili karibu na uso. Rudia hatua. Matone yote mawili yakizama kwa kasi ileile, umefika. Jaribio hili lifanyike pia kabla ya kupaka rangi, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya oili hubanduka kama ganda la kitunguu.

Vitu vya kuepuka

Petroli na mafuta ya taa huonekana kusafisha kwa sababu huifanya oili iwe nyepesi. Oili nyepesi huzama zaidi, na sasa una ua wenye mvuke unaoweza kulipuka kwa cheche ya jiko. Asidi, iwe ya betri au ya kusafishia choo, hula simiti yenyewe na haigusi oili. Utapata shimo lenye doa ndani yake. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini hazina kazi hapa, na zikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Watu wameumia wakichanganya vitu hivi wakidhani viwili vina nguvu kuliko kimoja.

Poda chafu inakwenda wapi?

Boma hili lilibaki na ndoo mbili za udongo mweusi. Chini ya Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, oili chafu ni miongoni mwa taka hatari, na poda iliyoinywa haijaacha kuwa oili. Usiitupe chooni, shambani, mtaroni wala kwenye shimo la takataka. Usiichome jikoni, hata kama ni unga wa mbao unaoonekana kuwaka vizuri; moshi wake utaingia katika chakula na vifuani. Na kuhusu desturi ya kupaka oili chafu kwenye nguzo za ua ili kufukuza mchwa, mvua huiosha polepole ikaingia ardhini, na kisima hakijui kwamba ilitoka kwenye nguzo.

Tia poda hiyo ndani ya ndoo au debe lenye kifuniko, liweke mbali na moto na mbali na mvua. Oili yenyewe unayoitoa kwenye pikipiki iwekwe katika mtungi wake, bila kuchanganywa na maji wala petroli, kwa sababu ikichanganywa wakusanyaji huikataa. Gereji nyingi hujaza mapipa ya oili chafu yanayochukuliwa na wakusanyaji. Zungumza na fundi wako kabla ya kubeba, na hakikisha mchukuaji ana leseni ya NEMA. Kwa poda iliyolowa oili, uliza ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo ya Mumias Mashariki ni wapi ipelekwe.

Kijana wa boma hilo sasa hubadilisha oili juu ya sinia pana la bati lililowekwa unga wa mbao, upande wa chini wa kisima. Mama yake bado huanika mahindi kwenye ua, lakini juu ya turubai. Tulimshauri hivyo hata baada ya tone la maji kuzama vizuri, kwa sababu jaribio la tone huonyesha kilicho karibu na uso tu, na jua kali la Januari linaweza kupandisha oili iliyobaki chini. Ufa ule mmoja bado hutoa weusi kidogo siku za joto. Wameujaza poda, na wataurudia kiangazi kijacho.